Sevu halali kwenye badmintoni: miguu, urefu wa kinyoya na boksi la kutua

Wengi wetu hapa Tanga tulianza badmintoni uani, wavu umefungwa kati ya mwembe na nguzo, na sevu ilikuwa njia tu ya kumrushia mwenzako kinyoya ili mchezo uanze. Ukiingia kwenye uwanja uliochorwa, wenye mwamuzi, mambo hubadilika. Sevu moja inaweza kuitwa kosa kwa sababu ya kidole cha mguu, kwa sababu ya manyoya yaliyopanda sentimita 2 juu ya kipimo, au kwa sababu umesimama upande usio wako. Na hakuna nafasi ya pili kama kwenye tenisi. Ukikosea, mpinzani anapata pointi na sevu inakwenda kwake.

Mwongozo huu unaifuata sevu moja tangu unaposimama hadi kinyoya kinapotua, kisha unapitia mpangilio wa dabo, maana hapo ndipo watu wanapobishana zaidi.

Hatua ya 1: Chora maboksi kwa vipimo vyake

Uwanja kamili una urefu wa mita 13.40. Upana wake ni mita 6.10 kwa dabo, yaani mchezo wa wawili wawili, na mita 5.18 kwa singo, yaani mmoja kwa mmoja. Wavu unakaa katikati, kwa hiyo kila upande una mita 6.70. Kwenye nguzo wavu una urefu wa mita 1.55, na katikati ya uwanja unashuka hadi mita 1.524.

Kwa ajili ya sevu, mistari muhimu ni minne. Wa kwanza ni mstari wa mbele, ulio mita 1.98 kutoka kwenye wavu. Wa pili ni mstari wa katikati, unaotoka mstari wa mbele hadi nyuma na kugawa kila upande kuwa boksi la kulia na la kushoto. Wa tatu ni mstari wa nyuma wa dabo, ambao uko ndani kidogo, sentimita 76 kabla ya mstari wa mwisho wa uwanja. Wa nne ni mstari wa ndani wa pembeni, wa singo, ulio sentimita 46 kutoka ukingo wa nje.

Mistari yote ina unene wa sentimita 4, na unene huo ni sehemu ya eneo unalolizunguka. Unapopima kwa futi ya fundi, pima hadi ukingo wa nje wa mstari, upande ule ambao kinyoya kikiangukia kinahesabika kimetoka. Kwa mstari wa mbele, ukingo huo ni ule unaotazama wavu. Nimeona viwanja vilivyopimwa hadi ukingo usio sahihi, na boksi likapungua sentimita 4 bila mtu kujua kwa nini sevu nzuri zinatoka.

Kama mnacheza nje, choreni na kuchezea asubuhi na mapema. Upepo wa kusi ukishaanza kupuliza kutoka baharini, sevu fupi hupeperushwa na hutajifunza chochote kuhusu mkono wako.

Hatua ya 2: Simama ndani, usiguse mstari

Anayesevu na anayepokea wanasimama kwenye maboksi yanayotazamana kwa mshazari. Ukiwa boksi lako la kulia, mpokeaji yuko boksi lake la kulia. Hilo halina ubishi. Ubishi unakuja kwenye mstari wenyewe.

Kwa kinyoya, mstari ni ndani. Kwa mguu, mstari ni nje. Kinyoya kikitua juu ya mstari wa mbele wa boksi la mpokeaji, sevu ni nzuri. Lakini wewe unayesevu ukiugusa mstari wa mbele wa boksi lako kwa ncha ya kiatu, ni kosa. Mpokeaji naye ni hivyo hivyo: akikanyaga mstari wakati wa sevu, kosa ni lake na pointi ni yako. Ndiyo maana nawaambia vijana waache nafasi ya vidole viwili kati ya kiatu na mstari. Kwenye dabo kila mtu anataka kusogea mbele kabisa ili sevu fupi isafiri umbali mdogo, na mguu wa mbele huteleza kidogo kidogo hadi ukajikuta juu ya rangi.

Mkono na raketi havifungwi na mstari. Unaweza kunyoosha mkono mbele ya mstari wako ukapiga kinyoya kikiwa karibu zaidi na wavu. Kinachoangaliwa ni miguu tu.

Sharti la pili la miguu ni utulivu. Tangu raketi inapoanza kwenda mbele hadi inapogusa kinyoya, sehemu fulani ya kila mguu lazima ibaki imegusa sakafu, na ibaki mahali pake. Kisigino kinaweza kuinuka. Unapopiga sevu ndefu ya singo, uzito unahama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, na kisigino cha nyuma kinainuka chenyewe. Vidole vikibaki chini papo hapo, uko salama. Kosa ni kuuburuza mguu huo mbele au kuuinua kabisa kabla ya kupiga. Anayeanza kujifunza hawezi kulihisi hili mwenyewe. Mwekee chaki ya unga chini ya kiatu cha nyuma, apige sevu tano, kisha mkaangalie sakafu. Mguu uliozunguka mahali pamoja unaacha alama ya duara, na mguu ulioburuzwa unaacha mfuto mrefu.

Mpokeaji naye amefungwa na sharti hilo hilo. Mara nyingi anayeamua kuivamia sevu fupi hurusha mguu kabla kinyoya hakijaguswa. Hilo ni kosa lake, hata kama baadaye alirudisha kinyoya vizuri.

Hatua ya 3: Piga kinyoya kikiwa chini ya mita 1.15

Hapa pana jambo linalosahaulika sana, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kanuni inasema kinyoya chote kiwe chini ya mita 1.15 kutoka sakafuni wakati raketi inapokigusa. Neno la kushika ni "chote". Raketi lazima ianze kugusa kichwa cha kinyoya, ile sehemu ya koki, lakini kipimo kinahesabu hadi ncha za manyoya. Kinyoya kizima kina urefu wa karibu sentimita 9. Sasa mtazame mtu anayesevu kwa nyuma ya mkono, staili wanayoipenda wachezaji wa dabo: ameshika ncha za manyoya kwa vidole, koki inatazama chini. Kama koki iko mita 1.10, yeye anaona yuko chini ya kipimo kwa sentimita 5. Lakini manyoya yaliyosimama juu ya koki yanafika karibu mita 1.19. Hilo ni kosa. Akishika kinyoya wima namna hiyo, koki inapaswa kuwa karibu mita 1.05 au chini yake. Akikilaza, anapata nafasi zaidi, kwa sababu manyoya hayapandi juu sana.

Kanuni ya mita 1.15 ilianza kujaribiwa kwenye mashindano ya kimataifa mwaka 2018. Kabla yake kipimo kilikuwa kiuno cha anayesevu, na kiuno hicho kilihesabiwa kwenye usawa wa mbavu ya chini kabisa, si pale mkanda wa suruali unapokaa. Pia mpini wa raketi ulitakiwa uelekee chini wakati wa kupiga. Shida ilikuwa wazi: mwamuzi alilazimika kukisia mbavu iko wapi chini ya jezi, na kila mchezaji alikuwa na kipimo chake. Kipimo cha kiuno bado kinatumika mahali pasipo na kifaa cha kupimia. Kama mnacheza mechi ya mtaa, kubalianeni kabla ya kuanza ni kipimo kipi, na msibadilishe katikati ya mchezo.

Kwa mtu mrefu, mita 1.15 ni chini kuliko alivyozoea, na inambidi apinde magoti au ashushe mkono. Kwa mtoto wa darasa la nne kinyume chake ni kweli. Kipimo kiko karibu na mabega yake, na karibu sevu yoyote atakayoipiga itapita.

Kifaa wanachotumia waamuzi ni vioo viwili vyenye mstari kwenye urefu wa mita 1.15. Mwamuzi wa sevu anakaa kwenye kiti kifupi pembeni ya uwanja na kutazama kupitia mistari hiyo. Unaweza kutengeneza cha kwako kwa mshipi wa nailoni wa wavuvi, ule wa rangi unaoonekana vizuri. Kamba ya mkonge tunayo tele hapa kwetu lakini kwa kazi hii haifai, inalegea katikati na kipimo kinashuka.

Simika fito nne pembeni ya uwanja, mbili mbili, ili upate nyuzi mbili zinazokwenda sambamba na mstari wa pembeni, zikiachana kama nusu mita. Pima mita 1.15 kutoka sakafuni kwenye kila fito na uvute nyuzi zikaze. Mtazamaji akae nje ya nyuzi na kushusha jicho hadi uzi wa mbele uufunike uzi wa nyuma, aone uzi mmoja tu. Hapo jicho lake liko kwenye mita 1.15 barabara. Kinyoya kikipigwa na sehemu yake yoyote ikaonekana juu ya uzi, ni kosa.

Kwa nini nyuzi mbili? Kwa sababu uzi mmoja unadanganya. Mtu akisimama wima na kuutazama uzi mmoja, jicho lake liko juu ya uzi, na mstari wa macho yake unateremka kuelekea kwa anayesevu. Sevu halali itaonekana imepita juu ya uzi. Nilishasikia kijana akilalamika, "Kocha, mbona nashuka hadi magotini na bado mnaniita?" Aliyekuwa anamwita alikuwa amesimama. Alipochuchumaa, sevu zile zile zikawa safi.

Hatua ya 4: Raketi iende mbele mara moja

Sevu inaanza pale kichwa cha raketi kinapoanza kwenda mbele, baada ya wote wawili kuwa tayari. Kuanzia hapo, raketi isiende nyuma wala kusimama. Ile tabia ya kusogeza raketi mbele, kusita, halafu kupiga ili mpokeaji aruke mapema ni kosa. Vilevile ukishaivuta raketi nyuma, usigande hapo kumsubirisha mwenzako.

Ukipunga raketi ukakikosa kinyoya, umekosea, na pointi imekwenda. Kinyoya kikikuponyoka kabla raketi haijaanza kwenda mbele, sevu haijaanza, kiokote uendelee.

Usikizungushe kinyoya kwa vidole unapokiachia. Kuna wakati ujanja huo ulienea kwa sababu kinyoya kinachozunguka hupepesuka na ni kigumu kurudisha, na mwaka 2023 Shirikisho la Badmintoni la Dunia likaupiga marufuku. Kiachie tu.

Pia usisevu kabla mpokeaji hajawa tayari. Akiwa hajawa tayari na hakujaribu kurudisha, sevu inarudiwa. Lakini akijaribu kupiga, amehesabiwa kuwa alikuwa tayari, hata akikosa.

Hatua ya 5: Jua kinyoya kinatakiwa kutua wapi

Kinyoya lazima kitoke kwenye raketi kikipanda. Kutoka mita 1.15 hadi juu ya wavu katikati ni zaidi ya sentimita 37, kwa hiyo huwezi kukipiga kikaenda kimelala na bado kikavuka. Kisha kinapaswa kutua ndani ya boksi la mshazari au juu ya mistari yake. Kinachohesabiwa ni pale kinapogusa sakafu kwa mara ya kwanza, si pale kilipobingirika.

Boksi la singo ni jembamba na refu. Linaanzia mstari wa mbele hadi mstari wa mwisho kabisa wa uwanja, mita 4.72, lakini pembeni linaishia kwenye mstari wa ndani. Boksi la dabo ni pana na fupi. Pembeni linafika mstari wa nje kabisa, lakini nyuma linaishia kwenye mstari wa nyuma wa dabo, kwa hiyo urefu wake ni mita 3.96 tu.

Mtu aliyezoea singo akiingia dabo, sevu yake ndefu inamwangusha. Ile sevu ya juu inayotua sentimita 30 kabla ya mstari wa mwisho ni nzuri sana kwenye singo. Kwenye dabo imetoka, kwa sababu imeangukia kwenye ukanda ule wa sentimita 76. Na aliyezoea dabo akicheza singo, sevu yake ya pembeni inaangukia kwenye ukanda wa pembeni, nayo imetoka.

Mipaka hii ya boksi ni ya sevu peke yake. Kinyoya kikisharudishwa, kwenye dabo uwanja wote wa mita 6.10 kwa 13.40 ni halali, ukiwemo ule ukanda wa nyuma. Watoto huchanganyikiwa hapa: wanaona kinyoya kimetua nyuma kikaitwa nje, kisha dakika moja baadaye kimetua pale pale kikaitwa ndani. Waambie cha kwanza kilikuwa sevu.

Kinyoya kikigusa wavu na kuvuka, kikatua kwenye boksi sahihi, mchezo unaendelea. Kikinasa juu ya wavu au kikavuka na kunasa upande wa pili, ni kosa la anayesevu. Na kwenye dabo, anayerudisha sevu ni mpokeaji peke yake. Mwenzake akiigusa, hata kwa jezi, pointi ni ya upande uliosevu.

Hatua ya 6: Nani anasevu, na kutoka wapi

Kwenye singo ni rahisi. Tazama pointi za anayesevu. Zikiwa shufwa, yaani 0, 2, 4, anasevu kutoka kulia. Zikiwa witiri, 1, 3, 5, anasevu kutoka kushoto. Mpokeaji anamfuata kwa mshazari.

Kwenye dabo kanuni ya shufwa na witiri ni ile ile, lakini kuna watu wanne na kila mmoja ana mahali pake. Shika mambo mawili. La kwanza: wanaobadilishana upande ni wale tu walioshinda pointi wakiwa wanasevu wenyewe. Upande unaopokea haubadilishani kamwe. La pili: sevu inapohamia kwenu, tazameni pointi zenu. Zikiwa shufwa, anasevu aliyesimama kulia. Zikiwa witiri, anasevu aliyesimama kushoto.

Tuwachukue kaka na dada wanaocheza na mjomba na shangazi. Kaka amesimama kulia, dada kushoto. Upande wa pili mjomba yuko kulia kwake, shangazi kushoto kwake.

Ni 0 kwa 0. Kaka anasevu kutoka kulia kwenda kwa mjomba. Wanashinda, 1 kwa 0. Kwa kuwa wamepata pointi wakisevu, kaka anahamia kushoto na dada anakuja kulia. Mjomba na shangazi hawasogei. Kaka anasevu tena, sasa kutoka kushoto, kwenda kwa shangazi.

Safari hii wanapoteza. Ni 1 kwa 1. Hakuna anayehama, hata mmoja. Sevu imekwenda kwa wakubwa, nao wana 1, witiri, kwa hiyo anasevu aliye kushoto: shangazi. Anampelekea aliye kushoto upande wa pili, ambaye ni kaka. Wakubwa wanashinda na kufika 2. Sasa wao ndio wanaobadilishana, shangazi anakwenda kulia, mjomba kushoto, na shangazi anasevu kwa dada.

Vijana wanaishinda hiyo. Ni 2 kwa 2, tena hakuna anayehama. Vijana wana 2, shufwa, na aliye kulia kwao ni dada. Basi dada ndiye anayesevu, na aliye kulia upande wa pili ni shangazi. Hapa ndipo kaka wengi huchukua kinyoya kwa mazoea na kusema, "Lete, zamu yangu." Si zamu yake. Akitaka kujihakikishia, aulize swali moja: tulipokuwa tunasevu mara ya mwisho, kila mtu alisimama wapi? Hapo ndipo mnaposimama sasa.

Vijana wakipoteza hiyo, wakubwa wana 3, witiri. Aliye kushoto kwao ni mjomba, naye anasevu kwa kaka.

Ikigundulika kwamba mtu asiye na zamu amesevu au amepokea, au sevu imepigwa kutoka upande usio sahihi, mpangilio unarekebishwa na pointi zinabaki kama zilivyo. Hamrudii pointi na hamnyang'anyi mtu pointi. Rudini mlipopaswa kusimama, tajeni pointi kwa sauti, ya anayesevu kwanza, kisha endeleeni.